Uzoefu wangu wa kushonesha sketi za shule na pedi za kufua kwa pamoja

Wazazi wenzangu walinikabidhi jukumu la kusimamia ushonaji wa sketi 60 za bluu na pedi 240 za kufua, kwa ajili ya wasichana wa kidato cha kwanza wanaokaa hosteli. Kazi tulimpa kiongozi wa kikundi cha mafundi cherehani hapa Morogoro mwezi wa Novemba, kabla ya msongamano wa Desemba.

Sketi nimeridhika nazo. Kiongozi huyo alisisitiza kitambaa chote kinunuliwe mara moja, kutoka majora ya rangi moja, kwa kuwa bluu ya jora moja huweza kupishana na ya jingine na tofauti huonekana wasichana wakisimama mstarini. Marinda nayo yana kina kamili. Sketi ya kiuno cha sentimita 64 huhitaji mzunguko wa kitambaa wa karibu sentimita 190, na fundi anayebania kitambaa hupunguza sehemu iliyojificha, kisha marinda yakaachia. Mzazi anaweza kukagua mwenyewe kwa kulikunjua rinda moja: kitambaa kilichojificha kiwe mara mbili ya upana unaoonekana nje.

Pedi ndizo zilizohitaji uangalifu zaidi. Sampuli ya kwanza ilionekana nadhifu, yenye flana juu, tabaka za taulo katikati, na chini kitambaa chenye utando usiopitisha maji. Niliimwagia maji taratibu, nikaikandamiza juu ya karatasi nyeupe, na matone yakajitokeza yakiwa yamefuata mstari wa uzi katikati ya pedi. Fundi alikuwa amepitisha cherehani kwenye tabaka zote kwa pamoja, na kila tundu la sindano likageuka njia ya maji. Nilipomwonyesha, hakubishana: alishonea taulo kwenye flana peke yake, kisha akaunganisha kitambaa cha chini pembeni tu. Sampuli ya pili haikuvuja, na zote zilizofuata zikashonwa hivyo.

Nisichokubaliana nacho ni kifurushi chao cha pedi nne kwa msichana. Moja ikiwa mwilini, ya pili kwenye begi na ya tatu imelowekwa, inayobaki ni ile iliyo kwenye kamba, nayo wakati wa mvua taulo nene lililozibwa kila upande hukawia sana kukauka. Kuivaa ikiwa na unyevu humsababishia msichana michubuko na muwasho. Kwa hiyo, katika agizo la muhula ujao, tumeomba pedi sita kwa kila msichana, na taulo lishonwe kama ulimi unaofunguka upande mmoja, ili lipate hewa na jua pande zote mbili linapoanikwa.