Programu za kukuza video za zamani: tazama mistari kabla ya kutazama bei

Malalamiko ya wasomaji kuhusu programu za kukuza video za zamani yanafanana mno. Mtu amelipa, kompyuta imefanya kazi usiku kucha, na asubuhi video ya arusi ya wazazi wake imetoka kubwa zaidi, lakini kila kinachosogea kina meno kama ya kitana pembezoni. Muuzaji humjibu kwamba kanda ilikuwa mbovu. Mara nyingi kanda haina kosa lolote: programu imekuza picha kabla ya kutenganisha mistari yake. Ndiyo maana nazipanga programu hizi kwa kigezo hicho, na mengine yatafuata baadaye.

Chukua mfano wa kanda ya MiniDV ya saa moja, ya mfumo wa PAL. Ikishahamishiwa kwenye kompyuta, faili lake huwa na gigabaiti 13 hivi, na kila fremu ina pikseli 720 kwa 576. Kila sekunde ina fremu 25, lakini kwa kawaida kamera hizo hazikunasa fremu nzima kwa mara moja. Zilinasa mistari 288, ukiruka mmoja mmoja, kisha baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde zikanasa mistari 288 iliyobaki. Mtoto akipita mbio, nusu hizo mbili zinamwonyesha mahali pawili tofauti, na hapo ndipo meno yanapotokea. Programu isiyolijua jambo hili huyachukulia meno hayo kuwa sehemu ya picha na kuyanoa, na yakishanolewa ni vigumu mno kuyaondoa. Nyingine hukwepa shida kwa kutupa nusu moja, hivyo ikabaki mistari 288 na mwendo wa kukwamakwama. Kazi iliyofanywa ipasavyo hutoa fremu 50 kamili kwa sekunde. Faili likitoka na fremu 25, nusu ya mwendo uliokuwamo kwenye kanda imepotea. Angalia pia mpangilio wa nusu hizo: DV huanza na nusu yenye mstari wa chini wa kila jozi, na mpangilio huo ukikosewa, mtu anayetembea huonekana akitetemeka mbele na nyuma.

Nafasi ya kwanza naipa Topaz Video, wala sifichi upendeleo wangu, ila kwa sharti moja. Inayo modeli ya Dione kwa ajili ya video za mistari, lakini mimi hutenganisha mistari kwanza kwa QTGMC, kichujio cha kutenganisha mistari kilichomo ndani ya programu ya bure iitwayo Hybrid, kisha ndipo naipa Topaz faili safi na kutumia modeli ya Proteus, nikiwa nimeteremsha unoaji karibu na sifuri. Nafasi ya pili ni DaVinci Resolve Studio, ambayo hulipiwa mara moja tu. Kikuzaji chake cha Super Scale ni kipole, na kinamfaa zaidi anayekusudia pia kuhariri. Ya tatu ni Hybrid peke yake, ambayo inatosha kwa asiyetaka kulipa. Vile visanduku vya bei nafuu vya kugeuza nyaya za AV kuwa HDMI sivipangi kabisa.

Kuhusu matarajio, hesabu ni rahisi. Picha ya umbo la 4:3 ikikuzwa vizuri hufikia pikseli 1440 kwa 1080, na pembeni hubaki weusi. Ukiivuta hadi 1920 unawanenepesha watu. Hata kwa kipimo hicho, pikseli zinaongezeka mara 3.75, maana yake karibu tatu katika kila nne zimekisiwa. Uso uliojaza skrini utapendeza. Uso wa mgeni aliyesimama safu ya nyuma, wenye urefu wa pikseli 20 tu, hauna macho wala meno ya kurejesha, na programu ikilazimishwa itamchorea sura ya mtu mwingine. Kanda za VHS zina undani mdogo zaidi ya hapo, na rangi zake humwagika nje ya mipaka ya vitu. Kwazo, mistari iliyotenganishwa vizuri na chenga zilizopunguzwa kidogo huleta nafuu kubwa kuliko ukuzaji wenyewe.

Yanayoniudhi ni matangazo. Picha nyingi za “kabla” huonekana dhahiri kuwa ni picha safi za kisasa zilizopunguzwa ukubwa, hazina mistari, chenga wala rangi iliyomwagika, kwa hiyo haishangazi kwamba ile ya “baada” inang’aa. Halafu mwenye kanda chache za familia, kazi ya wiki kadhaa tu, anadaiwa malipo ya mwaka mzima. Kabla ya kulipa, kata sekunde 20 za kanda yako mwenyewe, mtu akikatiza mbele ya kundi la watu, ziendeshe katika toleo la majaribio, kisha simamisha picha mguu ukiwa hewani.