Bodi ya mizani: angalia pini ya 15 kabla hujatoa hela

Baba mdogo anauza mbuzi mnadani Msalato, akachoka kukadiria kwa macho, nikamwambia niachie mimi nitakutengenezea mzani. Nikanunua bodi ya HX711 hapahapa Dodoma kwa 12,000, ile ya kusoma lodi seli, yaani kihisi cha uzito, muuzaji akaniapia inasoma mara 80 kwa sekunde. Jumamosi mbuzi anapandishwa, namba inapanda mdogomdogo, 7, 14, 21, mnunuzi anaona 21 anasema hapohapo nalipia 21, baba mdogo anasema ngoja itulie kwanza, basi kelele zikaanza. Yule mbuzi alikuwa kilo 28.

Kosa lilikuwa kwenye spidi ya bodi. Kwenye kodi ya Arduino nilikuwa natumia wastani unaotembea wa vipimo 20, yaani kila kipimo kipya kikiingia kile cha zamani kuliko vyote kinatoka, halafu unagawa jumla kwa 20. Kama kweli ni 80 kwa sekunde, vipimo 20 ni robo sekunde tu, hakuna wa kulalamika. Kumbe bodi inatoa 10 kwa sekunde, kwa hiyo vipimo 20 ni sekunde 2 nzima, na baada ya sekunde 1 nusu ya vile vipimo bado ni sifuri za mzani mtupu, ndo maana inasoma 14. Tena hapo sijahesabu chipu yenyewe: HX711 kwenye spidi ya 10 inachukua milisekunde 400 kutulia, kwenye 80 ni milisekunde 50.

Kwa hiyo mimi sikupangii kwa bei wala kwa ukubwa wa bodi, nakupangia kwa spidi.

Namba moja, na siyumbi, ni bodi ya NAU7802 ya kampuni ya SparkFun. Unachagua spidi kwenye kodi, 10, 20, 40, 80 au 320, hushiki hata pasi ya solda. Mbuzi hatulii, anahamisha miguu, na wa baba mdogo nilipochukua vipimo ghafi kwa sekunde 5 nikahesabu vilele 10, yaani anatikisa mzani mara 2 kwa sekunde, namba inapanda kilo moja na nusu inashuka kilo moja na nusu. Ukichukua wastani wa nusu sekunde, ndani yake kuna mtikisiko mmoja kamili, kupanda na kushuka vinafutana, namba inatulia. Mimi nikajua nikiongeza itatulia zaidi, nikaweka sekunde 0.75, ikarudi kuchezacheza kwa kama gramu 300 juu na chini! Sababu ni kwamba sasa ndani kuna mtikisiko mmoja na nusu, ile nusu haina wa kuifuta. Ukienda sekunde 1 inatulia tena ila umechelewa mara mbili. Nikabaki na vipimo 40 kwenye spidi ya 80:

```
total -= buf[i];
buf[i] = x;
total += x;
i = (i + 1) % 40;
kg = total / 40.0;
```

Mbuzi akipanda, nusu sekunde na kidogo namba imefika. Na spidi ya 80 inakuruhusu kurekebisha urefu wa wastani kwa hatua ndogondogo mpaka uupatie mtikisiko wako, ukiwa na 10 kila hatua ni sehemu ya kumi ya sekunde, unaruka palipo pazuri. Kama unapima gunia la alizeti lililokaa kimya haya yote hayakuhusu, spidi ya 10 inakutosha na namba zake hazichezichezi sana.

Namba mbili ni HX711 ya SparkFun, ina kiunganishi cha spidi mgongoni, unakikata unapata 80.

Zile za kijani za bei rahisi ni za mwisho. Nyingi pini ya 15 ya chipu, ndiyo ya spidi, imeunganishwa na graundi kabisa, inabidi uinyanyue kwa sindano uiunge na pini ya 16 jirani yake, na ni nyembamba, ya kwanza ilinikatikia mkononi.

Kilichoniuma zaidi ni muuzaji. Nilirudi na ile bodi, nikaiwasha mbele yake, tukahesabu vipimo kwa sekunde 10: vikaja 100 badala ya 800. Akasema chipu ina uwezo wa 80, kwa hiyo hajadanganya. Uwezo wa chipu unanisaidia nini wakati bodi aliyoniuzia imeufunga? Hela hakurudisha. Ukienda dukani nenda na Arduino yako na laptopu, hesabu hizo sekunde 10 palepale kaunta, akikataa usiwashe basi acha bodi yake.