Seti ya maneno au mti wa herufi?

Katika mchezo wa kuunda maneno, mchezaji akishika herufi K, I, T, A, B, U na M, programu inayopanga herufi hizo kila namna, kuanzia moja hadi zote saba, na kutafuta kila mpangilio katika seti ya maneno hufanya utafutaji mara 13,699, ilhali mti wa herufi, ambamo kila tawi ni herufi inayofuata katika neno, ukikosa tawi la K chini ya T, huacha papo hapo mipangilio yote 326 inayoanza na «tk». Kwa kuhakiki neno moja la mpinzani, seti inatosha, tena ni rahisi kuiandika. Kwenye mti, nodi isipowekewa alama ya mwisho wa neno, «kitab» itatolewa pamoja na «kitabu». Na herufi isiporudishwa mkononi baada ya programu kurudi nyuma kutoka kwenye tawi, maneno halali yatapotea kimyakimya, kosa gumu zaidi kuliona.