Projekta ya sinema uani Kigoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Saa zetu Kigoma ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua letu huzama kama dakika 40 baada ya la kwao. Giza la kufaa sinema ya nje linaingia saa moja na nusu ikielekea saa mbili, na filamu ya saa mbili inakufikisha karibu saa nne usiku. Kwa hiyo unanunua kitu cha kukesha nacho kidogo, pengine bila umeme. Hesabu zangu humu ni za ua wa kawaida wa Mwanga au Gungu: watu ishirini hivi, mikeka na viti vya plastiki, picha yenye upana wa mita 2.

Namba moja kwangu ni projekta ya LED isiyo na betri ndani, yenye mwanga wa lumeni za ANSI 200 hadi 300, ikilishwa na betri ya sola ya volti 12. Haipendezi kuibeba kama zile ndogo za mviringo, lakini fedha yako yote inakwenda kwenye mwanga.

Neno la kutafuta kwenye boksi ni hilo ANSI, maana ni kipimo cha mwanga chenye utaratibu wake. Namba ya lumeni isiyo na neno hilo mbele au nyuma yake muuzaji anaweza kuandika anavyopenda. Picha ya upana wa mita 2 ina eneo la mita za mraba 2 na robo hivi. Gawa ANSI 200 kwa eneo hilo, unapata kama lumeni 90 kwa kila mita ya mraba, ndizo lux 90, na gizani hiyo ni picha nzuri, sura za watu zinaonekana hata kwenye matukio ya usiku. Sasa jirani akisema, "Isogeze nyuma iwe kubwa," ukafika upana wa mita 3, mwanga ule ule unatandazwa kwenye mita za mraba 5, unabaki na 40. Picha imekua mara moja na nusu, mwanga umepungua zaidi ya nusu. Bakini na mita 2.

Watu huogopa mbalamwezi. Msihofu, mwezi mpevu hautoi hata nusu ya lux moja, mbele ya hiyo 90 si kitu. Adui ni taa ya ulinzi ya jirani iliyoelekea ukutani kwako. Mwombeni mapema azime.

Umeme wake ni hivi. Projekta ya aina hii hula kama wati 60, na inveta nayo inapoteza kidogo, weka 70. Kwa saa mbili na nusu unahitaji wati-saa 175. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya maji hudumu ukitumia nusu tu, yaani 300. Inatosha na chenji inabaki. Betri ya bodaboda ina Ah 5 hadi 7, filamu haitafika katikati. Inveta ya wati 300 inatosha kabisa, ila usisubiri ilie ndipo uzime. Nyingi hulia betri ikiwa imeshashuka kupita kiasi. Zile za bei ya chini pia huleta mvumo kwenye spika. Ukiusikia, tenganisha spika na inveta, itumie betri yake yenyewe.

Namba mbili ni projekta yenye betri ndani, kwa ANSI hizo hizo. Ni ghali zaidi, lakini kwa anayehama hama, leo Ujiji kwa shangazi, kesho Mwandiga, inastahili. Hoja ni moja: saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za hali ya kubana mwanga. Mwulize muuzaji inakaa muda gani mwanga ukiwa juu, kisha muiwashe hapo hapo muone kama picha inafifia ukichomoa chaji. Pawabenki inaweza kuiongezea muda ikiwa tu ina USB-C ya kutoa umeme mkubwa, ile iliyoandikwa PD, yenye wati ambazo projekta inadai. Pawabenki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74, zinazofika ni kama 60, kwa hiyo ni saa moja ya nyongeza, si usiku mzima.

Namba tatu ni zile za kuingia mfukoni, ANSI 50 hadi 100. Kwa watoto wanne na picha ya upana wa mita 1 na robo, sawa. Kwa ua mzima, hapana.

Ya mwisho, na hii iache dukani, ni ile ya "9000 lumens" yenye bei ya kuvutia. Geuza chaja yake usome. Ikiwa ni 12V 2A, ni wati 24 tu, na kioo cha LCD ndani hula sehemu kubwa ya mwanga unaotoka. Elfu tisa haiwezi kutoka humo. Angalia pia palipoandikwa "native resolution", yaani idadi halisi ya nukta za picha. Ikiwa 800×480, maandishi ya tafsiri chini ya filamu yatasomeka kwa shida, hata kama boksi limeandika "supports 1080p".

Simu ndiyo inayowasumbua wengi. Simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi picha kwa waya wa USB-C kwenda HDMI, hata waya uwe wa bei gani. Zinarusha picha hewani, kwa kitufe cha Cast au Smart View, na hapo programu nyingi za filamu za kulipia huziba picha: unasikia sauti, ukuta mweusi. Projekta haijaharibika, ni ulinzi wa hakimiliki. Dawa ni kuwa na filamu yenyewe kwenye simu, au kuihamishia kwenye flashi na kuichomeka kwenye projekta. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Spika ya ndani ya projekta usiihesabu. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, inapotea. Chukua spika ya kuchaji, iweke chini ya picha, iunganishe na projekta kwa waya wa AUX wa mita 5. Bluetooth inachelewesha sauti, midomo inafunga ndipo neno linafika.

Kwa pazia, ukuta wa rangi nyeupe ya maji unashinda vyote. Rangi ya mafuta inang'aa katikati na kuwachoma macho waliokaa mbele. Bila ukuta, tumia fleksi ya mabango upande mweupe usiong'aa. Shuka moja hupitisha mwanga, kunja mbili na uweke kitenge cheusi nyuma. Upepo wa ziwani ukianza, shuka iliyofungwa juu tu inakuwa tanga la mtumbwi, kwa hiyo funga pembe zote nne na ubavuni. Msimu wa kumbikumbi, washa taa nyingine mbali na ua, ziende huko.

Ukienda dukani beba flashi yenye filamu ya matukio ya usiku. Omba wazime taa, pima mita 2 ukutani kwa futi, kaa umbali wa mita 4, na usome maandishi ya chini. Ukiyasoma bila kukaza macho, lipa.