Gari la Umeme Kulisha Nyumba Stima Ikipotea: Nunua Hili, Lile Liache

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale, yatoke Nyali, Bamburi au Likoni hapa Mombasa. Mtu amenunua gari la umeme, akaambiwa stima ikipotea gari litabeba nyumba nzima. Usiku wa kwanza wa giza pampu ya maji inajaribu kuwaka, gari linakata, na kila kitu kinazima. Muuzaji akipigiwa simu anajibu, "Lakini betri ni kubwa." Ni kweli, betri ni kubwa. Aliloficha ni kwamba kinachokubana ni tundu la kutolea umeme.

Chukua BYD Atto 3. Betri yake ni yuniti 60, yuniti zile zile unazonunua kwa tokeni, lakini adapta yake ya kutolea umeme, iliyoandikwa V2L, hupitisha kilowati 3.3 tu kwa wakati mmoja. Sasa tupige hesabu ya nyumba ya kawaida: friji inayokula wati 60 kwa wastani, feni tatu za dari wati 210, taa wati 50, televisheni na waifai wati 100. Jumla ni wati 420. Saa 12 za giza ni yuniti 5, na gari lenyewe likikaa macho hula wati 200 hivi, kwa hiyo ongeza mbili na nusu. Umetumia yuniti saba na nusu, yaani sehemu ya nane ya betri. Stima ikirudi, chaja ya soketi ya ampea 10 itazirudisha kwa saa nne hivi. Hata eyasii ndogo ya invata unaweza kuiwasha chumbani usiku, mradi birika lisiwashwe wakati huo huo.

Pampu ni habari nyingine. Ya hosipawa moja hula kama kilowati moja ikishatulia, lakini sekunde ile ya kuanza inaweza kuvuta mara tano ya hapo, na gari hukata lijilinde. Jaza tangi la juu stima ikiwapo, au mwambie fundi afunge kifaa cha kuianzisha pampu polepole. Hita ya bafuni ya papo kwa papo isahau kabisa.

Hayo wengi huyagundua wenyewe. Lisiloulizwa dukani ni nyutro, waya wa kurudishia umeme.

Nyutro ya laini ya Kenya Power imefungwa ardhini. Ya gari mara nyingi haikufungwa popote, inaelea. Brekeri ya kuzuia kurushwa, ile yenye kitufe cha T, hukata pale umeme unapovujia ardhini na kushindwa kurudi kwa njia yake. Nyutro ikielea, umeme unaovuja hauna njia ya kurudi kwenye gari kupitia ardhi, kwa hiyo brekeri haioni kitu. Unaweza kuwa na friji yenye waya uliogusa bati na usijue, mpaka hitilafu ya pili itokee kwenye kifaa kingine na mtu awe katikati. Kubonyeza T hakukuhakikishii chochote hapa, kwa sababu kitufe hicho hupitisha umeme kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro humo humo ndani ya brekeri. Kitakata vizuri na wewe utadhani uko salama.

Kujua ni rahisi. Gari likiwa linatoa umeme kwenye eksitensheni ambayo haijaunganishwa na nyumba, fundi aweke mita kati ya laivu na ardhi, kisha nyutro na ardhi. Akisoma 230 na karibu sifuri, nyutro imefungwa. Akisoma mia na kitu pande zote mbili, inaelea.

Ndiyo maana swichi ya kubadilishia, chenji ova, lazima iwe ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja, ya ampea 63, yenye nafasi ya sifuri katikati. Zile za bei ya chini hukata laivu pekee. Nyutro ya gari inabaki imeungana na ya mtaa, brekeri zinakatakata ovyo, na magari mengine yakihisi nyutro imefungwa ardhini huzima yenyewe. Kama nyutro ya gari lako inaelea, fundi mwenye leseni ya EPRA ajaribu kuifunga nyutro ardhini upande wa gari tu, kabla ya brekeri. Gari likikataa, usilishe nyumba. Lisha friji na feni kwa eksitensheni moja kwa moja. Na waya wa plagi dume pande mbili, wa kuchomeka kwenye soketi ya ukuta, usiukubali hata kwa dakika moja: meno yake yana umeme wazi, na swichi kuu ikisahaulika unarudisha umeme kwa fundi aliye juu ya nguzo.

Baada ya hapo, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja ni BYD Atto 3, na sifichi upendeleo. Kemia ya betri yake ya fosfeti ya chuma huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi, jambo lenye maana kubwa Mombasa.

Namba mbili ni Hyundai Ioniq 5. Inatoa kilowati 3.6 na unaiwekea kiwango cha chini ambacho ikifika inaacha kutoa, ili asubuhi uweze kwenda kazini. Kama si bei, ingegombea nafasi ya kwanza.

Namba tatu ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, na hapa kuna mtego. Haina V2L. Kinachowezekana ni invata ya wati 1000 kwenye betri ndogo ya volti 12, yenye fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na betri na waya wa milimita 35 za mraba, gari likiwa limewashwa hadi READY. Likizimwa, betri ndogo inakauka ndani ya saa moja hivi. Leaf ya yuniti 24 iliyobakiwa na vijiti tisa kati ya 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi ina yuniti kama 15, na usiku mmoja unakula nusu. Betri yake haina kipoozeo cha maji, kwa hiyo joto letu linaiumiza.

Sanduku la Kijapani la kutoa umeme wa Leaf kupitia CHAdeMO, tundu lake la kuchajia haraka, usinunue. Hutoa volti 100 na 200 kwa mfumo wa kwao, na vifaa vyako vinataka 240. Moduli za Leaf zilizobomolewa nazo ziacheni kwa mafundi wa sola, maana betri nzima ina karibu volti 400 za moja kwa moja.

Nirudi kwa wauzaji. Adapta ya V2L ina rezista ndani inayoliambia gari lianze kutoa umeme, na kipimo chake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Kuna wanaouza adapta ya MG kwa mwenye BYD, plagi inaingia sawasawa, na gari linakaa kimya. Ukirudisha unaambiwa vifaa vya umeme havirudishwi. Basi nenda dukani na gari lako na birika la kilowati mbili, uchomeke pale pale, na usitoe pesa mpaka maji yachemke. Akikataa, kuna duka jingine.