Uzoefu wangu na Quartz: jobu ya mwisho wa mwezi ikigongana na Pasaka na Idd

Nitaanza na maksi kabisa, Quartz, ile maktaba ya Java ya kupangia jobu ratiba, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata nitaeleza mbele huko.

Kazi yangu ni mifumo ya chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Kuna faili moja ya makato ya wanachama ambayo lazima itoke saa tisa mchana siku ya kazi ya mwisho ya mwezi, sio tarehe 30 wala 31, siku ya KAZI ya mwisho, maana ikichelewa benki inaisukuma mwezi unaofuata na simu zinaanza kulia. Wengi mnaijua hii shida. Cron ya kawaida haina namna ya kusema hicho kitu, na mtu wa kwanza kujaribu huandika hivi:

```
0 15 28-31 * 1-5
```

Anadhani amesema "tarehe 28 hadi 31, ikiwa ni Jumatatu hadi Ijumaa". Wapi! Cron ukiijazia tarehe na siku ya wiki zote mbili inasoma AU, sio NA, kwa hiyo hiyo jobu itakimbia kila Jumatatu hadi Ijumaa mwezi mzima, na juu yake tarehe 28 hadi 31 hata zikiwa wikendi. Halafu Februari siku ya mwisho ya kazi inaweza kuwa tarehe 26 na hapo 28-31 haikusaidii kitu.

Quartz yenyewe inakaa ndani ya programu yako ya Java, ni ya bure, na mistari yake inafanana na cron ila inaanza na sekunde, na kati ya tarehe na siku ya wiki moja lazima uweke alama ya kuuliza, kwa hiyo ule mkanganyiko wa AU haupo. Kilichonivutia ni hii:

```
0 0 15 LW * ?
```

L ni siku ya mwisho ya mwezi, W ni siku isiyo ya wikendi, ukiziunganisha unapata Jumatatu-hadi-Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Herufi mbili tu na kazi imeisha... mpaka ikutane na sikukuu.

Chukua Machi 2024. Tarehe 31 ilikuwa Jumapili ya Pasaka, 30 Jumamosi, kwa hiyo LW inaangukia Ijumaa tarehe 29. Ijumaa Kuu hiyo, benki zimefungwa. Siku ya kazi ya mwisho ilikuwa Alhamisi tarehe 28. Ukasema basi hiyo ni bahati mbaya ya mwaka mmoja, mwaka uliofuata Machi 31, 2025 ikawa Jumatatu na ndiyo siku serikali ilitangaza kuwa sikukuu ya Idd-ul-Fitr, siku ya kazi ya mwisho ikarudi Ijumaa tarehe 28. Machi mbili zinafuatana na LW imekosea zote.

Sasa utasoma kwamba Quartz ina HolidayCalendar, unaijaza tarehe za sikukuu unaifunga kwenye triga, yaani ile ratiba inayoamsha jobu. Kweli ipo na inafanya kazi, lakini elewa inafanya nini. Haisogezi siku, inafuta tu. Yaani ukiifunga kwa LW, Machi 2024 Quartz inaona tarehe 29 imekatazwa, inatafuta LW nyingine, inaipata Aprili tarehe 30. Machi yote imerukwa na hakuna eror hata moja kwenye logi, kwa sababu kwake yeye hakuna kilichoharibika, umemwambia asifanye kazi siku hiyo na hakufanya. Hapo ndipo nyota ya tano ilipobaki. Kujua kama una hiyo shida ni rahisi, chapisha tarehe kumi na mbili zijazo za triga uhesabu miezi, ukiona mwezi umeruka ndio hiyo.

Dawa tuliyoishia nayo ni kuacha kabisa LW. Triga inakimbia kila siku ya kazi, kalenda ya sikukuu ikiwa imefungwa hapo hapo:

```
0 0 15 ? * MON-FRI
```

Halafu jobu yenyewe ikiamka inauliza swali moja, nitaamka tena lini? Kwa sababu Quartz ikipiga hesabu ya mara inayofuata inaruka sikukuu na wikendi, jibu lake ndilo siku ya kazi inayofuata. Kama iko mwezi mwingine, basi leo ndiyo ya mwisho.

```java
ZoneId nbo = ZoneId.of("Africa/Nairobi");
var leo = YearMonth.from(ctx.getFireTime().toInstant().atZone(nbo));
var ijayo = YearMonth.from(ctx.getNextFireTime().toInstant().atZone(nbo));
if (leo.equals(ijayo)) return;
```

Pitisha Machi 2024 hapo uone. Jumatano tarehe 27 jobu inaamka, inayofuata ni 28, mwezi ule ule, inalala. Alhamisi 28 inaamka, Ijumaa Kuu imefutwa, wikendi haipo, Jumatatu Aprili mosi ni Jumatatu ya Pasaka nayo imefutwa, inayofuata ni Aprili 2. Mwezi umebadilika, faili linatoka. Hii nimeipenda sana kusema ukweli, hakuna hesabu ya kalenda unayoandika mwenyewe.

Kitu kimoja cha kuangalia ni taimzoni. Seva nyingi ziko UTC na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo ukitengeneza "Machi 31 usiku wa manane" ya Nairobi, kwa UTC hiyo bado ni Machi 30 saa tatu usiku, na kalenda isiyopewa taimzoni itafuta tarehe 30. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa Jumapili kwa hiyo usingeona chochote, mpaka Jumatatu ya Idd jobu iamke. Mpe HolidayCalendar taimzoni ya Africa/Nairobi na triga pia kwa inTimeZone.

Kingine ni hizi sikukuu zetu za kutangazwa. Idd inategemea mwezi kuandama na tangazo la Gazeti rasmi, na kuna zile za ghafla kama Mei 10, 2024 ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko. Ukiongeza tarehe kwenye kalenda wakati mfumo unaendelea, tumia

```java
scheduler.addCalendar("kenya", kal, true, true);
```

true ya kwanza inabadilisha kalenda ya zamani, ya pili inazifanya triga zipige hesabu upya. Ukiacha ya pili false, triga inabaki na saa iliyokuwa imeshahesabu na jobu itaamka sikukuu kama kawaida.

Na hata hivyo kuna shimo moja. Tuseme tangazo la Jumatatu ya Idd umeliingiza Ijumaa jioni, baada ya saa tisa kupita. Ijumaa jobu ilisema "bado, kuna Jumatatu", Jumatatu sasa imefutwa, inayofuata ni Aprili mosi. Mwezi umepotea. Kwa hiyo tuna tebo ndogo inayoandika mwezi gani umeshatolewa, na kila jobu ikiamka inaangalia kwanza kama mwezi uliopita upo, usipokuwepo inamtumia mhasibu meseji badala ya kutoa faili kimya kimya, kwa sababu hapo ni mtu ndiye anatakiwa kuongea na benki.

Kama huna Java usiende kuivuta kwa sababu ya hii tu, skripti ndogo chini ya cron ya kila siku `1-5` yenye faili la sikukuu inaweza kuuliza swali lile lile.