Godoro la inchi 8 kwa bei kubwa kuliko la inchi 10: uzoefu wangu Ngamiani

Dukani Ngamiani, hapa Tanga, nilionyeshwa magodoro mawili ya futi 5 kwa 6. Moja la inchi 10 kwa shilingi 260,000, jingine la inchi 8 kwa 310,000. Kijana wa duka akaniambia, "Shangazi, beba hili nene, sponji nyingi pesa kidogo." Unene kila mtu anauona. Mimi nikaomba yote mawili yapitishwe kwenye mzani wa jirani anayeuza nafaka.

Lile nene lilitoka kilo 12, jembamba kilo 15. Nikapunguza kilo moja ya kava kwa kukisia, kisha nikagawa kwa ujazo: inchi 10 ni kama meta za ujazo 0.71, inchi 8 ni 0.57. Kumbe sponji ya lile nene ni kilo 15 na ushee kwa meta moja ya ujazo, na ya jembamba inakaribia 25. Sponji nyepesi ni hewa tupu. Vijishimo vyake vina kuta nyembamba zinazochoka mapema pale kiuno kinapolalia, na hapo ndipo bonde linapoanza. Hiyo ya kilo 15 kwa meta ya ujazo, yaani ya lile nene, ningemwekea mgeni wa siku mbili tatu, si mtu mzima wa kila usiku.

Mzani nao unadanganywa. Wapo wanaochanganya unga wa chaki kwenye sponji, na wapo wanaogandisha vipande vya mabaki, godoro likawa zito bila kudumu. Kwa hiyo nilifungua zipu ya lile jembamba, nikasugua sponji kwa kidole nione kama inatoa vumbi, nikatazama kama ni kipande kimoja chenye rangi moja. Ugumu wa kubonyeza kwa mkono sikuutilia maanani, maana hata sponji nyepesi hutengenezwa ikawa ngumu siku za mwanzo.

Hilo jembamba ndilo lenye kava la zipu, kitambaa cha kufumwa chenye pamba. Lile nene lilishonwa moja kwa moja kwa kitambaa cha kuteleza, na kwa joto letu hili la pwani ungeamka umelowa jasho. Wala ndani huoni kitu.

Waranti ya lile nene ilikuwa mwaka mmoja, wa mdomo. Hilo jembamba, ambalo ndilo nililonunua, lina kadi ya miaka 5, yaani 62,000 kwa kila mwaka wa dhamana. Niliisoma pale pale kaunta: wanabadilisha bonde likizidi sentimita 2.5 godoro likiwa halina mtu, risiti iwepo, lisiwe na madoa, na chaga za kitanda zisiwe zimevunjika. Sponji kulainika tu hawahesabu.

Hadi sasa nimepima kwa rula na uzi uliovutwa ukingo hadi ukingo, na kiunoni pako sawa. Zipu ndiyo sikuipenda. Ni ya plastiki nyembamba, imeshaanza kukwama kwenye kona, na kwenye kadi zipu haimo.